Ubao wa kazi umejaa tarehe nyekundu na watu wamezima arifa

Swali: "Wadau, sisi ni asasi ndogo, watu saba ukijumlisha na wanaojitolea. Tulifungua ubao kwenye programu ya Trello, kila kazi na kadi yake, katika safu tatu: Kufanya, Inaendelea, Imekamilika. Mwanzoni ulichangamka. Sasa tarehe zote zimepita na kuwa nyekundu, simu zinalia mpaka watu wamezima arifa, na kazi zimerudi kwenye grupu la WhatsApp. Tuhamie programu nyingine?"

Mkuu, msihame. Mkihama na kadi zenu zilivyo, baada ya muda mtakuwa mnauliza swali hili hili kuhusu programu ya pili. Nimekuwa mratibu wa asasi mbili za ukubwa wenu, na ubao niliokabidhiwa kwenye hii ya pili ulikuwa unafanana kabisa na wenu.

Anza kwa kufungua kadi moja iliyokwama uisome vizuri. Pale kwetu ilikuwa "Ripoti ya mfadhili, robo ya kwanza". Ilikuwa Inaendelea, imebandikwa watu wanne, tarehe ya mwisho 30 Aprili. Ukimuuliza mhasibu, anasubiri takwimu za afisa mradi. Afisa mradi naye anajua mkurugenzi ndiye anayeandika. Mkurugenzi anajua kuna watu wengine watatu kwenye kadi, kwa hiyo mambo yanakwenda. Kadi ya watu wanne haina mtu. Halafu ile tarehe 30 ni ya mfadhili, si ya yeyote kati yao. Ikigeuka njano, maana yake zimebaki saa 24, na katika saa 24 huwezi kufunga hesabu, kuandika maelezo na kumpata mkurugenzi asaini.

Tuliivunja, tukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 30. Ripoti itumwe tarehe 28, ili mtandao ukisumbua kuwe na nafasi. Mkurugenzi husafiri sana, kwa hiyo aipate tarehe 23. Mratibu anahitaji siku kadhaa za kuandika maelezo, basi hesabu na takwimu zote mbili zimfikie tarehe 15. Zikapatikana kadi nne, kila moja na mtu mmoja na tarehe yake: hesabu kwa mhasibu, takwimu kwa afisa mradi, maelezo kwangu, kupitia na kusaini kwa mkurugenzi. Kadi kubwa ya ripoti ilibaki, ndani yake orodha yenye viungo vya hizo nne, na mwenyewe akawa mimi. Mwenye kadi si lazima afanye kazi yote peke yake. Ni yule atakayeulizwa kwenye kikao cha Jumatatu.

Sasa hapo ndipo safu zenu tatu zinapowaangusha. Mhasibu hawezi kufunga hesabu za Machi bila taarifa ya benki, na ameshaiomba. Kadi yake aiweke wapi? Akiiacha Inaendelea anaonekana mzembe, akiirudisha Kufanya anaonekana hajaanza. Kwenye asasi ndogo sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa watu wa nje: benki, mfadhili, ofisi ya serikali, mchapishaji. Ongezeni safu ya nne, iiteni Tunasubiri, na iwe na sharti moja: kadi haiingii humo bila maoni yanayosema tunamsubiri nani, tulimwomba lini, na tutamkumbusha lini. Ya mhasibu ilisomeka hivi: "Nasubiri taarifa ya benki ya Machi. Niliomba tarehe 3. Nikikosa, napiga simu tarehe 8." Kisha akabadilisha tarehe ya kadi kutoka 15 kwenda 8. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Kadi ikiwa Tunasubiri, tarehe yake ni siku ya kufuatilia, na ile ya kumaliza inaandikwa kwenye maelezo ya kadi isipotee. Ikigeuka nyekundu humo, kila mtu anajua tafsiri yake: kuna simu haijapigwa.

Hapo rangi nyekundu inapata maana tena. Kwenye ubao wenu haina, kwa sababu kila kitu ni chekundu na jicho limeshazoea.

Kwenye Inaendelea tuliwekeana kikomo cha kadi tatu kwa mtu, na moja kwa anayejitolea. Kuna waliolalamika, lakini kadi ya nne ilikuwa haiguswi hata kabla ya kikomo.

Sasa arifa. Nakisia kuna mtu alibonyeza Watch kwenye ubao mzima, au aliwaagiza wote wabonyeze ili "wasipitwe". Ukifuatilia ubao mzima unaletewa taarifa za kadi zisizokuhusu, mpaka ile inayokuhusu inazama humo humo. Kila mtu aondoe Watch kwenye ubao. Hana cha kuogopa: ukibandikwa kwenye kadi kama mwanachama wake, maoni na mabadiliko ya kadi hiyo yanakufikia bila Watch. Kutaja jina la mtu kwa alama ya @ kubaki kwa pale tu unapotaka akujibu, na neno "asante" halihitaji @. Kwenye mipangilio ya arifa, anayechoshwa na barua pepe achague zije kwa vipindi badala ya papo hapo.

Kikumbusho cha tarehe nacho kina tabia ya kuijua. Kinakwenda kwa waliobandikwa kwenye kadi na wanaoifuatilia, basi. Kadi yenye tarehe lakini haina mtu wala anayeifuatilia haimkumbushi yeyote, inageuka nyekundu kimya kimya. Angalia zenu, sitashangaa ukikuta nyingi ni za namna hiyo. Sisi pia tulikisogeza kikumbusho kije siku mbili kabla, maana siku moja haimtoshi mtu anayejitolea jioni baada ya kazi yake nyingine.

Hilo la WhatsApp msipigane nalo, mtashindwa. Watu waendelee kuzungumza huko, ila ahadi ikitolewa kwenye grupu, aliyeitoa ndiye anayefungua kadi, si mratibu. Mratibu akikubali kuwa karani wa wote, ubao unakuwa wake peke yake na wengine hawana sababu ya kuufungua. Kikao cha Jumatatu kiendeshwe ubao ukiwa umefunguliwa, mkianza na Tunasubiri. Chetu hakivuki nusu saa.

Na tahadhari moja kwa kuwa mna wanaojitolea: Trello inagawa ruhusa kwa ubao, haigawi kwa kadi. Uliyemwingiza asaidie kupanga viti anasoma kila kadi, pamoja na ile yenye majina ya walengwa na hali zao za kiafya. Vitu hivyo viwekwe kwenye folda yenye ruhusa zake, kadi ibaki na kiungo tu.

Kadi nyekundu mlizonazo sasa msizisogeze tarehe zote kwa mkupuo, zitarudi nyekundu zote kwa mkupuo. Kaeni mara moja mzipitie, kila kadi iulizwe "nani anaichukua?" Akipatikana mtu, aseme mwenyewe tarehe yake hapo hapo. Kimya kikitawala, ipelekeni kwenye kumbukumbu kwa Archive. Haifutiki, mtu akiikumbuka baadaye inarudishwa. Kwetu nyingi zilikwenda huko, na iliyodaiwa tena ni ile ya kuhuisha usajili, ambayo nayo ilikuwa haina mtu.