Bonasi iliongezwa mara mbili, mauzo yakabaki palepale

"Wakuu, niko mwaka wa pili, nasoma menejimenti. Tumepewa kazi ya kulinganisha nadharia za mahitaji na nadharia ya matarajio, tutoe na mifano ya kazini. Nimesoma mara mbili, naona zote zinasema kitu kimoja: mpe mtu anachotaka, atachapa kazi. Tofauti iko wapi?"

Mkuu, hata mimi nilitoka chuo na wazo hilohilo, likaniumbua kazini. Nilikuwa msimamizi wa mauzo kwenye kampuni ya kusambaza maji ya chupa hapa Dar, jina nitaliacha. Tulikuwa na Canter tano, kila moja na dereva na muuzaji wake. Tageti ilikuwa katoni 4,000 kwa mwezi kwa kila gari, na ukifikisha unapata bonasi ya Tsh 60,000. Mauzo yakawa yanagota kwenye katoni 3,100 au 3,200. Tukakaa kikao, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono: hawa vijana wana njaa ya hela, tuongeze bonasi iwe 120,000. Wakubwa wakakubali. Wiki mbili za mwanzo yakapanda kidogo, mwezi ulipoisha tulikuwa palepale.

Angalia nilichofanya pale. Nilifikiri kama mtu wa nadharia za mahitaji. Maslow aliandika mwaka 1943 kwamba mahitaji ya binadamu yana daraja, kuanzia chakula na usalama hadi kuheshimiwa na kutimiza kipaji chake. McClelland yeye akatazama haja ya kufanikiwa, ya kuwa na watu na ya kuwa na nguvu juu ya wengine. Wanatofautiana kwa mengi, lakini swali lao ni moja: huyu mtu amepungukiwa nini ndani yake? Ukishajua, unampa. Mimi nikaona wamepungukiwa hela, nikawapa hela.

Vroom, mwenye nadharia ya matarajio ya mwaka 1964, hakuishia kwenye swali la mtu anataka nini. Aliuliza mtu anapigaje hesabu kabla hajaamua kujituma. Hesabu yenyewe ina maswali matatu. Nikihangaika, nitaweza? Nikiweza, kweli nitapewa? Nikipewa, nina haja nacho? Vitabuni inaandikwa hivi:

M = E × I × V

E ni jibu la swali la kwanza, I la pili, V la tatu, na M ni msukumo unaotoka. E na I vitabu vingi huziweka kati ya 0 na 1. V inaweza kwenda hadi hasi, kwa sababu kuna vitu mtu hataki kabisa vimfike. Cha kukazia macho ni ile alama ya kuzidisha: jibu moja likiwa sifuri, mengine yote hata yakiwa makubwa hayasaidii.

Niliielewa siku nilipopanda gari la ruti ya Gongo la Mboto Alhamisi moja, baada ya bonasi kugoma. Muuzaji alifika stoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzigo hautoki bila sahihi ya mtunza stoo, naye alikuwa anaingia saa mbili na kuanza na magari makubwa ya mikoani. Sisi tulitoka getini saa nne na robo. Duka la kwanza, mama akacheka tu: "Mwanangu, wenzako wamepita saa moja, friji limejaa." La pili hivyohivyo. Kijana akaniambia, bosi, hata nikimbie vipi, wateja wa asubuhi nimeshawakosa. Hiyo ni E, na haina uhusiano wowote na njaa yake.

Njiani nikamuuliza kuhusu bonasi. Akatoa hati ya mshahara iliyokunjwa mara nne. Mwezi mmoja alifikisha 4,000, akalipwa 38,000. Kwenye karatasi kuna mstari mmoja tu umeandikwa "marekebisho". Kumbe mhasibu alikata katoni za maduka yaliyokopa na hayajalipa, ila hakuna aliyewahi kuwaeleza. Hiyo ni I.

Nikajaribu kuweka namba, za kukadiria tu kutokana na majibu yake. V nikaiweka kwenye kipimo cha mwisho 10. Kabla ya nyongeza: E 0.3, I 0.4, V 8, jibu 0.96. Tulipoongeza bonasi mara mbili, V ikapanda hadi 10, jibu 1.2. Yaani fedha yote ile ilinunua 0.24. Sasa rudisha bonasi ya zamani, V ibaki 8, halafu mhasibu abandike hesabu ukutani kila Ijumaa ili I ifike 0.9: unapata 2.16. Mtunza stoo naye aanze na magari ya mjini saa kumi na mbili na nusu, E ifike 0.7: unapata 5.04, na hakuna shilingi iliyoongezwa kwa muuzaji.

Ndivyo tulivyofanya, ingawa mtunza stoo alinuna wiki nzima. Magari matatu yakavuka 4,000 ndani ya miezi miwili. Mawili hayakuvuka, na hapo ndipo nadharia za mahitaji zikarudi kazini. Mzee mmoja hakuwa na shida na bonasi, alitaka Jumapili yake aende kanisani na familia. Tukampa Jumapili, akawa anamaliza tageti Jumamosi. Kwa hiyo hizi nadharia si maadui. Ya mahitaji inakusaidia kujaza V. Ila ukiwa nayo peke yake, unajaza V huku E na I zinavuja.

Gari la tano lilinifundisha kuhusu hasi. Muuzaji wake alikuwa anaficha oda za siku za mwisho wa mwezi hadi mwezi mpya. Alishajifunza kwamba ukivuka, tageti inapandishwa. Kwake bonasi ni nzuri, tageti mpya ni adhabu, na anajumlisha vyote viwili. Ukiona namba zinagota karibu kabisa na tageti kila mwezi, anza kushuku hilo.

Usiidharau ile ya mahitaji kwenye kazi uliyopewa lakini. Kitengo cha kufungasha kilikuwa na akina dada waliotoka zamu saa nne usiku, na utoro ulikuwa mkubwa. Hapo hukuhitaji hesabu: walikuwa wanaogopa kutembea gizani hadi kituo cha daladala. Kampuni ikaweka gari la kuwashusha, utoro ukapungua. Pengo likiwa moja kwa wote na linaonekana, Maslow anatosha. Anapokwama ni pale watu wenye haja ileile wanapojituma kwa viwango tofauti, hapo hana la kukuambia. Na lile daraja lake, watafiti waliolipima baadaye hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba watu hupanda ngazi kwa mpangilio ule.

Vroom naye ana udhaifu wake, uuandike. Watu hawakai na kikokotoo kabla ya kubeba katoni, na mambo mengi ni mazoea. Pia namba za mtu mmoja usizilinganishe na za mwingine. 8 yangu si 8 yako. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 1996 ulionyesha nadharia inafanya vizuri zaidi ikitabiri mtu mmoja atachagua nini kati ya mambo yaliyo mbele yake, na kwamba kuzidisha hakukushinda kutazama kila kipande peke yake. Ndiyo maana siku hizi sihesabu. Nikipata kitengo kinachosuasua, nauliza yale maswali matatu kwa mpangilio, na naanza kwa kupanda gari.