Nilivyowaomba majirani mchango upande, na hesabu iliyoniokoa

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya majirani zangu hapa Malindi kuomba mchango wa kila mwezi wa ulinzi na ukarabati upande, nilishindwa hata kabla sijaketi. Ilikuwa Mei, mvua ya masika inanyesha, hoteli nyingi zimefungwa na nusu ya vijana wa mtaa wako nyumbani bila mshahara. Nami nikasimama nikahutubia habari za wezi. Nikasimulia jinsi kebo ya pampu ya kisima chetu ilivyokatwa usiku mwezi mmoja kabla, nikasema hali ni mbaya, nikamaliza kwa kuomba mchango utoke shilingi 1,500 ufike 2,500. Mzee mmoja akainua mkono akauliza, "Mwenyekiti, hiyo 2,500 umeipata wapi?" Sikuwa na jibu. Niliitaja kwa sababu ilisikika vizuri. Mkutano ukaisha hapo.

Naandika haya kwa mwenyekiti yeyote wa wakazi anayejiandaa kusimama na ombi kama hilo. Mkutano wa pili, mwisho wa Agosti, ombi langu lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na likapita. Kilichobadilika ni kwamba safari hii niliweza kujibu swali la yule mzee.

Mtaa wetu una nyumba 40. Kwa mchango wa 1,500, kwenye karatasi tunapata 60,000. Lakini nilipofungua daftari la mweka hazina na kuhesabu miezi 12 nyuma, wanaolipa bila kufuatwafuatwa walikuwa 31. Nyumba nyingine ni za watu wanaokuja Desemba tu, na chache zina ugomvi wa urithi usiojulikana utaisha lini. Basi pesa halisi ilikuwa 46,500. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa kamati nyingi: hugawanya gharama kwa idadi ya nyumba, kisha hushangaa kila mwezi pengo linatoka wapi. Gawanya kwa walipaji. Ni vigumu kusema hivyo mbele ya watu, kwa sababu wanaolipa watauliza kwa nini wawabebe wengine, na wana haki kuuliza. Mimi niliwaambia wazi kwamba deni la wasiolipa tutalidai, ila mlinzi hawezi kungoja deni hilo lilipwe ndipo ale.

Sasa ulinzi wenyewe. Tulikuwa na walinzi wawili, kila mmoja 18,000, mmoja mchana na mmoja usiku, saa 12 kila siku, siku saba za wiki. Taa za nje zinakula tokeni za 4,000 kwa mwezi. Jumla 40,000, zinabaki 6,500 za balbu, bawaba na fundi wa kuchomelea. Mtu akitazama juu juu ataona mambo yanaenda.

Usiku ule kebo ilipokatwa, mlinzi wetu hakuwa amelala wala hakuwa mshirika wa wezi, kama wengine walivyodai. Alikuwa matangani. Alifiwa na kaka yake, na kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kumshikia zamu, alimwacha binamu yake langoni, kijana asiyejua hata pampu iko wapi. Nililiweka jambo hili katikati ya hotuba ya pili, kwa sababu lilionyesha tatizo mahali lilipo: tulikuwa tumeajiri watu wawili kwa kazi ambayo watu wawili hawawezi kuifanya.

Niliwahesabia pale pale, kwa chaki kwenye ubao wa madrasa tuliouazima. Lango likilindwa usiku na mchana kwa zamu za saa nane, kwa wiki kuna zamu 21. Mlinzi mmoja anafanya sita, maana Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Walinzi watatu ni zamu 18. Zimebaki tatu zisizo na mtu. Juu ya hapo kila mmoja ana siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, yaani siku 63 kwa wote watatu. Zamu hizo na siku hizo zinahitaji mtu wa nne, wa kushikia. Kama hujamweka kwenye bajeti, atakuja vilevile, na jina lake litakuwa binamu.

Nilipofika hapo uwanja ukatulia, kisha mama mmoja mwenye duka akasema, "Kumbe kila wiki lango lilikuwa linalindwa na mtu aliyechoka." Hakuna aliyerudia tena habari ya ushirika na wezi.

Gharama ikawa hivi. Mshahara tuliuacha 18,000. Juu yake mwajiri anaongeza asilimia 6 ya NSSF, ambayo ni 1,080, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni 270. Mlinzi mmoja anatugharimu 19,350, na watatu ni 58,050. (Ile asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA hukatwa kwenye mshahara wa mlinzi mwenyewe, lakini ni jukumu letu kuikata na kuipeleka. Nawasihi msiipuuze, kwa kuwa siku akiugua ndipo mtajua kama mlikuwa mnaipeleka.) Mtu wa kushikia tulimkadiria 700 kwa zamu, karibu sawa na 18,000 ukigawa kwa siku 26 za kazi. Zamu zake 13 kwa mwezi, pamoja na likizo za wenzake zikisambazwa mwaka mzima na makato ya mwajiri, zinafika kama 13,750. Ongeza tokeni za taa, na ulinzi wote unakuwa karibu 76,000 kwa mwezi.

Ukarabati niliutenga kabisa, na nikausemea kwa njia tofauti, kwani watu hawagombani na mlinzi kama wanavyogombana na "pesa ya matengenezo" isiyojulikana inakwenda wapi. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyofanya kazi. Upepo wa kusi ukivuma, lango lililopakwa rangi mwaka jana linatoa kutu kwenye maungio. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya saruji unavimba na kubanduka kutoka chini kwenda juu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaila pampu. Vitu hivi haviharibiki kwa bahati mbaya, vina umri wao. Basi kwa kila kimoja niliuliza mafundi wawili bei ya kukibadilisha na miaka kinayodumu hapa kwetu, si Nairobi.

Pampu na kebo ni 120,000, hudumu kama miaka minne, hivyo kila mwezi inatakiwa kuwekewa 2,500. Lango ni 144,000 kwa miaka minane, sawa na 1,500. Nyaya za juu ya ukuta na taa ni 180,000 kwa miaka mitano, yaani 3,000. Ukuta, kuukwangua na kuupiga plasta upya, ni 420,000 kwa miaka kumi, yaani 3,500. Jumla 10,500 kwa mwezi. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hiyo, na nilikataa kuongeza chochote, hata kibanda kipya cha mlinzi nilichokuwa nakitaka sana.

Ulinzi na ukarabati pamoja ni karibu 86,500. Gawa kwa walipaji 31, unapata 2,800 na chenji kidogo ya kuziba. Niliitaja hivyo hivyo, 2,800. Kuna waliotaka niseme 3,000 ili "tupunguziwe" tukifika katikati. Nawashauri msifanye hivyo. Namba ya mviringo inaalika mapatano kama ya sokoni, na mkishaanza kupatana hamzungumzii tena kazi, mnazungumzia bei.

Badala ya mapatano nilipeleka namba mbili. Ya pili ilikuwa 2,050. Kwa mchango huo mngepata walinzi wawili na mtu wa kushikia zamu mbili kwa wiki, na lango lisingekuwa na mlinzi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ukarabati ungebaki vilevile. Nikasema maneno haya, na nayakumbuka kwa kuwa niliyaandika: "Ndugu zangu majirani, sina upande. Kamati italinda lango kwa saa mtakazozilipia, na saa msizozilipia tutaziandika langoni ili kila mtu ajue." Kisha nikaketi. Nusu saa iliyofuata walibishana wao kwa wao, si na mimi. Kina mama wanaobaki nyumbani asubuhi walisimulia habari za watu wanaoingia wakijidai wachuuzi. Wastaafu wawili wakasema wazi kwamba 2,800 itawaumiza. Tulipiga kura watu 29, na 18 wakachagua 2,800. Kwa wale wastaafu mkutano wenyewe ukakubali walipe kwa mara mbili ndani ya mwezi.

Kuhusu tarehe, niliweka mchango mpya uanze Oktoba. Malindi pesa ina majira yake. Ukipandisha mchango Aprili, unawadai watu ambao wamerudishwa nyumbani hadi watalii warudi. Uamuzi ule ule ukipitishwa Agosti, wakati mji una kazi, unapokelewa na watu wengine kabisa, ingawa sura ni zile zile.

Jambo moja ambalo sikulitilia uzito wa kutosha: mchango ukipanda, walipaji hupungua kwanza. Oktoba walilipa 27 tu. Mara 2,800 ni 75,600, na ulinzi peke yake ukazila zote, sanduku la ukarabati halikupata hata shilingi. Chini ya walipaji 28 hatuna ukarabati, na chini ya hapo tena tunaanza kuchelewesha mshahara. Kwa hiyo kabla ya kusimama kuhutubia, itafuteni namba yenu hiyo, muuambie mkutano, na muitazame kila tarehe 10 ya mwezi, msingoje tarehe 30. Sisi tulibandika karatasi langoni yenye mistari mitatu tu: waliolipa ni wangapi, ulinzi umelipwa kiasi gani, sanduku la ukarabati lina kiasi gani. Majina ya wadaiwa hatukuyabandika. Nililipinga hilo, kwa sababu jirani aliyeaibishwa langoni hafungui tena pochi, na watoto wake hupita hapo kila siku wakienda shule.

Tuliamua pia sanduku liwe na akaunti yake, na pesa zisitoke bila sahihi ya mweka hazina na ya mkazi mmoja asiye kwenye kamati. Yule mzee aliyeniuliza swali la Mei ndiye aliyechaguliwa kutia sahihi hiyo.

Novemba walilipa 29. Desemba, wenye nyumba za likizo walipofika na kuisoma karatasi, tukafika 32. Mtu wetu wa kushikia ni kijana wa hapo Muyeye, na wiki mbili alizokwenda mlinzi wa usiku kwao Ganze kwa likizo yake ya kwanza, yeye ndiye aliyekaa langoni.