Mteja aliyedai pesa yake na programu iliyomhesabu kuwa ameridhika

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuchanganua maoni ya wateja wa mgahawa mmoja wa Dar es Salaam wenye matawi kadhaa na huduma ya kupeleka chakula nyumbani. Meneja alitaka kila Jumatatu apate namba moja kwa kila tawi, imwonyeshe wateja wameridhika kiasi gani, ili asilazimike kusoma maoni yenyewe. Nilichukua VADER, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2014 kwa ajili ya maandishi mafupi ya mitandaoni, na kwa siku mbili nikawa nimemaliza. Tawi lililokuwa likilalamikiwa kwa simu kuliko yote likashika nafasi ya kwanza kwa furaha ya wateja.

Ili kueleza kilichotokea, ni lazima niseme kwanza programu hiyo inafanya nini. Ndani yake mna kamusi ya maneno, vifupisho na alama zipatazo 7,500, kila kimoja kikiwa kimepewa uzito wa uzuri au ubaya. Programu hutafuta maneno hayo katika sentensi, hujumlisha uzito wake, kisha huubana mjumlisho huo uwe kati ya -1 na 1. Kwa kawaida inayofikia 0.05 au kuipita huitwa chanya, inayofikia -0.05 au kushuka zaidi huitwa hasi, na iliyo katikati haina upande. Kamusi hiyo ni ya Kiingereza, jambo ambalo nililijua na nikalipuuza, kwa kuwa wateja wetu wengi walichanganya lugha na niliamini Kiingereza chao kingetosha.

Jaribu mwenyewe:

```python
from vaderSentiment.vaderSentiment import SentimentIntensityAnalyzer
a = SentimentIntensityAnalyzer()
for s in ["Please rudisheni pesa yangu",
          "Chakula kibovu, sitarudi tena",
          "Thank you sana kwa pilau baridi 😂"]:
    print(a.polarity_scores(s)["compound"])
```

Sentensi ya kwanza hupata 0.3182, yaani chanya, kwa sababu neno pekee ambalo programu inalifahamu ni lile la kuomba kwa adabu. Ya pili hupata 0.0, kwa kuwa hakuna hata neno moja linalofahamika, na mteja aliyeapa kutorudi anahesabiwa kuwa mtu asiye na maoni. Ya tatu hupata 0.6597. Shukrani imeongeza, na kile kikaragosi cha kucheka hadi machozi kimeongeza pia, kwa kuwa programu hukigeuza kwanza kuwa maneno ya Kiingereza yanayokieleza, na mojawapo ya maneno hayo ni furaha. Ubaridi wa pilau haukuhesabiwa popote.

Nilipokaa na kuyasoma maoni yale moja baada ya jingine, niliona kwamba makosa haya yalikuwa na mpangilio. Wateja wetu waliochanganya lugha walitumia Kiingereza kwa adabu, yaani kusalimu, kuomba na kushukuru, lakini walipofika kwenye lalamiko lenyewe walirudi kwenye Kiswahili, ambako hasira yao ilikuwa na nafasi ya kutosha. Kwa hiyo programu ilikuwa inapima adabu. Tawi lenye malalamiko mengi lilikuwa na wateja wengi wanaoomba kurudishiwa pesa, na kila ombi la heshima lilikuwa linalipandisha daraja.

Wazo langu la pili lilikuwa kuongeza maneno ya Kiswahili kwenye kamusi ile. Simshauri mtu kulifuata. Kiswahili huficha ukanushi ndani ya kitenzi, kwa hiyo ukiandika kwamba «penda» ni zuri, bado utahitaji kushughulikia «sikupenda», «hawapendi» na «nisingependa», na ukiandika kwamba «shida» ni baya, utawaadhibu wote walioandika «hakuna shida». Niliachana na kamusi na kuhamia kwenye modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, iliyojengwa juu ya XLM-R, ambayo ilifunzwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo, kisha ikafunzwa zaidi kwa maandishi mafupi ya Kiswahili yaliyokwisha kuwekewa lebo na watu. Mabadiliko yalionekana mara moja: ukanushi ulieleweka, na sentensi zilizochanganywa hazikuipoteza sana.

Kilichobaki ni kejeli. Mteja mmoja aliandika: «Hongereni kwa kazi nzuri, pilau imefika baada ya masaa matatu tu.» Modeli iliipa lebo ya chanya kwa uhakika mkubwa. Nikaibadilisha sentensi hiyo kwa kuweka dakika ishirini mahali pa masaa matatu, ikawa sifa ya kweli, na lebo ikabaki ile ile. Sentensi zote mbili zina pongezi na zina «tu», ila anayejua pilau hufika kwa muda gani ndiye anayeweza kuzitofautisha. Ndiyo maana kuyachuja maoni ambayo modeli haina uhakika nayo hakusaidii hapa: kwenye kejeli haisiti, inakosea ikiwa na uhakika kamili.

Maneno ya mtaani nayo yana tabu yake. «Biriani yenu ni hatari» ni sifa kwa kijana wa Dar es Salaam, na «balaa» na «noma» huenda njia hiyo hiyo, lakini «usafi wenu ni hatari» hakuna atakayeipokea kama sifa. Mimi na mwenzangu, ambaye ni mtu mzima zaidi yangu, tulipewa maoni yale yale tuyawekee lebo kila mtu peke yake, na tulipolinganisha tulikuta tumetofautiana mara nyingi kwenye maneno haya haya. Tangu hapo sianzi kupima modeli yoyote kabla ya watu wawili kuweka lebo bila kuonana, kwa sababu mahali ambapo wasomaji wawili hawakubaliani sina jibu sahihi la kuipimia.

Sampuli ninayotumia ni ya maoni kama 300 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Ninayagawa kwa mkono katika mafungu matatu, yaani ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya mchanganyiko, kwa kuwa programu za kutambua lugha hubabaika kwenye sentensi fupi zilizochanganywa. Kisha ninahesabu makosa ya kila fungu peke yake, nikitazama zaidi malalamiko yaliyoitwa sifa. Wastani wa jumla hauniambii kitu: fungu la Kiingereza likifanya vizuri linaweza kufunika fungu la mchanganyiko linaloharibika.

Baada ya hapo ninalinganisha lebo ya modeli na nyota alizotoa mteja. Maoni yenye nyota moja yaliyoitwa chanya huenda moja kwa moja kwa msomaji, pamoja na yoyote yenye pongezi na wakati huo huo yana maneno kama «baridi», «nimesubiri», «masaa» au «pesa yangu». Rundo hilo lina kejeli nyingi, ingawa si zote. Lina pia watu walioridhika kabisa ambao walibonyeza nyota moja wakidhani namba moja ndiyo ya juu, na hao nao ni vizuri kuwajua kabla ya kumlaumu mpishi.

Meneja bado anapata namba yake ya Jumatatu, ila sasa chini yake kuna maoni ishirini ya kila tawi kutoka kwenye rundo hilo, yakiwa yameandikwa kama yalivyokuja. Wiki ya kwanza alinipigia simu kabla ya saa nne asubuhi kuuliza ni nani aliyekuwa zamu siku ya ile pilau.