Densiti ya kipande cha alumini: maji au vipimo vya umbo?

Nimesimamia maabara kwa muda mrefu zoezi hili la kutafuta densiti ya kipande cha alumini kwa njia mbili, ya maji na ya kupima umbo, na swali la mwisho ndilo linalowasumbua wanafunzi: njia ipi ni ya kuaminika zaidi? Wengi huangalia jibu lipi limekaribia namba ya kitabuni, wakaipa njia hiyo ushindi. Ushauri wangu ni kuiweka kando kwanza namba ya kitabuni.

Chukua silinda ndogo ya alumini yenye kipenyo cha mm 12.70 na urefu wa mm 40.00, iliyotobolewa tundu jembamba karibu na ncha ili ifungwe uzi. Mizani inasoma g 13.44. Kwa njia ya umbo tunapata ujazo wa cm³ 5.07, hivyo densiti ni 2.65 g/cm³. Kwa njia ya maji, katika silinda ya kupimia ya ml 50, maji yanapanda kutoka 25.0 hadi 30.0. Ujazo ni cm³ 5.0 na densiti ni 2.69. Kitabu kinasema 2.70. Je, maji yameshinda?

Tazama mistari ya ile silinda ya kupimia. Kila mstari ni ml 1, kwa hiyo usomaji mmoja unaweza kukosea kwa nusu mstari. Tumesoma mara mbili, kabla na baada ya kuzamisha, basi kosa linaweza kufika ml 1 nzima katika ml 5. Hiyo ni asilimia 20. Maana yake densiti halisi inaweza kuwa popote kati ya 2.2 na 3.4. Kama jicho lingesoma 30.5 badala ya 30.0, jibu lingekuwa 2.44, na hakuna ambaye angeisifu njia ya maji. Ile 2.69 ilitua karibu na kitabu kwa bahati.

Kalipa ya venia inayosoma hadi mm 0.05 ina hali tofauti. Kosa kwenye kipenyo ni asilimia 0.4, nalo huhesabiwa mara mbili kwa sababu kipenyo kinapigwa kipeo cha pili. Ukiongeza kosa dogo la urefu, jumla haifiki asilimia 1. Densiti basi iko kati ya 2.63 na 2.68.

Hapa ndipo zoezi linaponifurahisha, maana 2.70 imebaki nje ya mipaka hiyo. Mipaka ikiwa myembamba namna hii, tofauti hiyo si ya jicho. Kuna kitu kwenye umbo ambacho kanuni yetu haikukiona. Ni lile tundu. Lina upana wa mm 3 na linapita katikati ya kipenyo, kwa hiyo limetoa karibu cm³ 0.09 ya alumini ambayo tuliihesabu kana kwamba ipo. Ukiitoa, ujazo unakuwa cm³ 4.98 na densiti inarudi 2.70. Maji yalilizingatia tundu tangu mwanzo, kwa kuwa yaliingia ndani yake, lakini silinda ya kupimia haikuwa na uwezo wa kutuonyesha tofauti ndogo hivyo.

Kwa hiyo kwa kipande hiki naamini zaidi njia ya umbo, kwa sharti kwamba umekikagua: pima kipenyo sehemu kadhaa na katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, tafuta matundu, kona zilizochongwa na mbonyeo. Kasoro hizo zote hufanya ujazo wa kukokotoa uwe mkubwa kuliko halisi, na densiti ishuke.

Maji nayo yana kasoro zake. Viputo vya hewa vilivyogandia hukuza ujazo. Matone yanayobaki ukutani juu ya maji huupunguza. Gonga silinda ya kupimia taratibu, na soma sehemu ya chini ya mpindo wa maji, jicho likiwa usawa nao.

Lakini udhaifu mkubwa uko kwenye kusoma mistari, na huo una dawa. Weka bika la maji juu ya mizani ya g 0.01, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi mwembamba kizame chote bila kugusa chini wala ukuta. Gramu zinazoongezeka ni tungamo la maji yaliyosukumwa. Kipande chetu kitaonyesha takriban g 4.97, gawanya kwa 0.998, densiti ya maji kwa nyuzi 20 za Selsiasi, upate cm³ 4.98. Kosa sasa ni chini ya asilimia 1, na tundu limeshahesabiwa, mradi hewa imetoka ndani yake.

Kwa jiwe lisilo na umbo maalumu nisingegusa kalipa kabisa. Ningelining'iniza hivyo hivyo. Kwa mbao inayonyonya maji, ningechonga mchemraba na kurudi kwenye kalipa.