Njia mbili kwenye mchoro wa mishale: nitajuaje zinafika na jibu moja?

"Wakuu, nimepewa mraba wa mishale minne, naambiwa nithibitishe mchoro unaafikiana. Nimejaribu namba mbili tatu, zimekubali. Inatosha?"

Mkuu, inategemea ni namba zipi. Mimi yalinikuta kwenye mraba huu:

```
Z  ---f--->  Z
|            |
p            q
v            v
Z/4 --g--> Z/12

f(n) = 3n,  g(x) = 9x
```

p inachukua baki la kugawa kwa 4, q baki la kugawa kwa 12. Nikaweka 0, pande zote zikatoa 0. Nikaweka 2: kwa juu napata 6, q inaiacha 6. Kwa chini, p inaiacha 2, g inafanya 18, na baki lake kwa 12 ni 6. Nikaandika "unaafikiana" nikakabidhi. Mwalimu hakubishana nami, aliandika tu 1 pembeni. Kwa juu 1 inatoka 3, kwa chini inatoka 9. Mchoro wote ukaanguka.

Ukibadilisha g iwe 3x, 1 inatoka 3 pande zote, na hapo kazi imekwisha, huna haja ya kujaribu namba nyingine. Sababu ni kwamba mishale yote minne inatunza kujumlisha, kwa hiyo hata njia nzima nazo zinatunza. Kila namba kamili inajengwa kwa kujumlisha au kutoa 1, basi njia mbili zikikubaliana kwenye 1 haziwezi kutofautiana kwingine. Ile 2 niliyoichagua inajenga namba shufwa tu. Witiri sikuwa nimezigusa kabisa.

Ila kabla ya kufuata njia, hakikisha g ni mshale kweli. Ndani ya Z/4, 1 na 5 ni kitu kimoja. Kwa 3x zinatoa 3 na 15, na 15 ina baki 3, hivyo hakuna shida. Ungepewa 2x, zingetoa 2 na 10, majibu mawili kwa kitu kimoja. Hapo hakuna hata mchoro wa kukagua.

Usichanganywe na maandishi pia: njia ya juu huandikwa q∘f, lakini f ndiyo inayotangulia. Soma kutoka kulia.

Na ujanja wa 1 una mpaka wake. Weka f(n) = 3n² na g(x) = 3x. Kwenye 1 zinakubaliana vizuri, 3 kwa 3. Kwenye 2, juu unapata 12, yaani 0, na chini 6. Kupandisha kwa kipeo cha pili hakutunzi kujumlisha, kwa hiyo hapo andika n yenyewe, uifuate mshale kwa mshale kwa kila njia, kisha ulinganishe.