Pingi inapita, faili halipandi: kwa wadogo zangu mnaoanza kushika tuneli

Nimesoma tena tiketi iliyofungwa kwa maneno haya: "Tuneli iko juu, pingi inapita, tatizo ni seva." Kijana aliyeifunga ni mchapakazi na nampenda. Mtu wa seva naye akaifungua upya, akawasha seva, akairudisha kwetu. Wakati huo mhasibu wa tawini bado anaangalia faili lake limeganda palepale. Haya yametokea mara nyingi mno katika timu yetu, na kila anayeingia anaanza upya kosa lile lile. Basi someni, halafu tusirudi tena huku.

1. Pingi ya kawaida haijajaribu kitu kinachokwama. Pingi ya Linux bila nyongeza inatoka ikiwa na baiti 84 pamoja na heda zake. Ya Windows ni 60. Faili linalopanda halisafiri kwa vipande vya baiti 84, linasafiri kwa pakiti zilizojaa hadi 1500. Ndiyo maana SSH inakuruhusu kuingia, unaandika amri fupi na inajibu, halafu ukiomba orodha ndefu ya mafaili skrini inaganda. Ndiyo maana pia ukurasa unaonyesha kichwa chake na maandishi mawili matatu, kisha picha hazitokei kamwe. Pakiti ndogo zinapita zote na pakiti kubwa hazipiti hata moja. Upotevu wa laini mbovu hauchagui ukubwa hivyo. Ukinasa pakiti upande wa mpokeaji utaona kipande kidogo cha mwisho kimefika salama huku vikubwa vilivyokitangulia havipo, na Wireshark itakuandikia `TCP Previous segment not captured`. Ukiona hivyo, acha kuwasha seva za watu.

2. Fanya hesabu kabla ya kumpigia mtoa huduma. Etheneti inabeba pakiti ya hadi baiti 1500. GRE, tuneli inayovisha pakiti yako ndani ya pakiti nyingine, juu ya IPv4 inaongeza heda ya nje ya IP, baiti 20, na yake yenyewe, baiti 4. Ndani ya tuneli zinabaki 1476. Lakini kama laini ya chini ni PPPoE, njia ambayo watoa huduma wengi hutumia kumwingiza mteja, baiti 8 nyingine zimeshaliwa, laini ni 1492 na tuneli inabaki 1468. Ukitoa 40 za heda za IP na TCP, MSS yako, yaani data ya TCP inayoingia kwenye pakiti moja, ni 1428. WireGuard inakula 60 ikisafiri juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo maana chaguo lake la kawaida ni 1420: inatosha kwa hali zote mbili, ila kwenye laini ya 1500 tu. Ipitishe juu ya IPv6 kwenye PPPoE na 1420 haitoshi tena, inatakiwa 1412.

Ugumu ni kwamba ruta yako haioni kila wakati laini halisi. Kama PPPoE inaishia kwenye modemu ya mtoa huduma na ruta yako imeunganishwa nayo kwa kebo ya Etheneti, ruta inaamini kuwa ina 1500 na inaipa tuneli 1476. Hizo baiti 8 hazimo popote kwenye mipangilio yako. Hapo ndipo kisa kinachofuata kilipoanzia.

3. Msizibe ICMP yote, kwani ndiyo inayobeba pingi na pia taarifa za hitilafu za njiani. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kanuni yenyewe niliiandika mimi.

Tulikuwa tunaunganisha tawi na makao makuu kwa GRE. Ruta ya tawi ilikuwa mashine ya Linux nyuma ya modemu kama niliyoeleza. Orodha yetu ya ukaguzi wa usalama ilitaka ruta isijibu pingi kutoka nje, na njia fupi niliyoiona ilikuwa hii, juu kabisa ya kanuni zote:

```
iptables -I INPUT 1 -i eth0 -p icmp -j DROP
```

Wakaguzi waliridhika. Siku zilizofuata tawi likaanza kulalamika kwamba kupakua mafaili ni sawa, lakini kupakia ripoti kunakwama. Ripoti fupi zinapanda, ndefu hapana. Nilipima, pingi ikapita. Nikafungua tovuti za nje kutoka tawini, zote zikafunguka haraka. Nikahitimisha kwamba mtandao ni mzima. Nikawapeleka watu wa seva kwenye diski zao, kisha wakabadilisha hata programu ya kupakilia, na wafanyakazi wa tawi wakawa wanapeleka mafaili kwa flashi ndani ya basi la usiku. Watu walihangaika kwa sababu ya mstari mmoja ambao sikuufikiria hadi mwisho wake.

Fuateni pakiti yenyewe muone. Kompyuta ya mhasibu inatuma baiti 1500 ikiwa na alama ya DF, yaani isikatwe njiani. Ruta inaona tuneli yake ni 1476, inairudishia kompyuta ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, msimbo 4: kubwa mno, tumia 1476. Kompyuta inatii. Pakiti ya 1476 inaingia kwenye tuneli, inavishwa heda za GRE, inatoka ikiwa 1500 nayo ikiwa na DF. Inafika kwenye modemu, ambayo haiwezi kupitisha zaidi ya 1492. Modemu inafanya wajibu wake: inaitupa pakiti na kutuma ICMP ile ile ya 3/4 kwa aliyeituma. Na aliyeituma, kwa macho ya modemu, ni ruta yangu, siyo kompyuta ya mhasibu. Ujumbe unafika eth0, unakutana na kanuni yangu, unatupwa. Ruta haijui lolote, kompyuta haijui lolote, TCP inarudia kutuma pakiti ile ile ya ukubwa ule ule hadi inachoka.

Na kupakua je? Kulikuwa kuzima kwa sababu pakiti kubwa kutoka makao makuu zilikwama kwenye vifaa vya mtoa huduma, ICMP ikarudi kwa ruta ya makao makuu, na ile haikuwa na kanuni hiyo. Ikajifunza 1492 na kuendelea. Tovuti za nje nazo zilikuwa nzima kwa sababu hazikupita kwenye tuneli: ICMP zake zilikuwa za kompyuta za ndani, zikapita FORWARD, kanuni za pakiti zinazopita tu kwenye ruta, wala hazikugusa INPUT, kanuni za pakiti zinazoielekea ruta yenyewe. Kila kipimo nilichofanya kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichogusa mahali pabovu.

Kilichofungua macho yetu ni kusikiliza kwenye eth0 wakati mhasibu anapakia:

```
tcpdump -ni eth0 'icmp[0] = 3 and icmp[1] = 4'
```

tcpdump inaona pakiti kabla ya fayawoli kuigusa. Zikamiminika: `need to frag (mtu 1492)`, moja baada ya nyingine. Modemu ilikuwa inatuambia jibu muda wote. Mkitaka ruta isijibu pingi, zibeni maombi ya pingi peke yake, na mstari huu uwe juu ya kila kanuni ya kuzuia:

```
iptables -I INPUT 1 -i eth0 -p icmp --icmp-type fragmentation-needed -j ACCEPT
```

Mngekuwa na kanuni ya ESTABLISHED,RELATED juu ya ile ya kuzuia, nayo ingeupitisha ujumbe huo. Sisi tulikuwa nayo, ila niliipita kwa kuweka DROP namba 1. Kwenye IPv6 ujumbe huu unaitwa `packet-too-big`, na huko ndiyo usiuguse kabisa, kwani ruta za IPv6 hazikati pakiti za watu kwa hali yoyote.

4. Kupima. Pima nje ya tuneli kwanza, kisha ndani, kutoka kwenye kompyuta iliyo nyuma ya ruta:

```
ping -M do -s 1472 -c 3 203.0.113.10
```

Windows ni `ping -f -l 1472`. Namba 1472 ukiongeza 28 za heda za IP na ICMP inakuwa 1500. Yako majibu ya namna tatu, na vijana wangu huyachanganya. `message too long` ni mashine yako mwenyewe inakataa. `Frag needed and DF set (mtu = 1492)` ni ruta ya njiani inakuambia ukweli, na hiyo ni habari njema. Kimya ndicho kibaya: pakiti imepotea na aliyeitupa ama hakusema, ama sauti yake imezibwa. Katika tawi lile, nje ya tuneli tuliambiwa 1492. Ndani ya tuneli 1448 ilikuwa kimya na 1440 ikajibu. Ongeza 28 kwenye 1440 upate 1468, namba ile ile ya hesabu ya juu. Kumbuka tu kwamba jibu la pingi nalo ni kubwa kama ombi, kwa hiyo kimya hakikuambii ni upande gani umekwama. Weka tcpdump upande wa pili uone kama ombi lilifika.

5. Dawa. Ipe tuneli ukubwa wake wa kweli pande zote mbili, kisha bana MSS:

```
ip link set dev gre1 mtu 1468
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Kubana bila mstari wa kwanza kungebana kwa 1476, yaani bado ungekwama. Mwenzenu mmoja aliweka vyote viwili sawasawa, akajaribu, bado pameganda, akafuta akaanza upya usiku kucha. MSS inakubaliwa kwenye SYN tu, na yeye alikuwa anajaribu kwa muunganisho wa zamani ambao haujakatika. Kata, fungua mpya. Na kubana ni kwa TCP peke yake: UDP yenye pakiti kubwa haisaidiwi nayo, hiyo inategemea ICMP zifike.

6. Kivinjari kinakwama, curl inapita? Tangu 2024 Chrome ya kompyuta inaweka kwenye ujumbe wa kwanza wa TLS ufunguo wa kujikinga na kompyuta za kwanta, ambao peke yake unazidi baiti 1200. Ujumbe ule ulioingia kwenye pakiti moja ndogo sasa unajaza moja na kumwagikia ya pili. Kwa hiyo tuneli iliyoziba upande wa kupakia, ambayo zamani ingefungua ukurasa na kukwama kwenye faili, sasa inaweza isifungue ukurasa kabisa.

7. Andikeni namba na mlipoipata. Tawi lile baadaye lilihamia laini ya simu kwa sababu kebo ilikatwa na wachimba barabara. Njia mpya ilibeba chini ya 1492, na 1468 yetu nzuri ikawa kubwa mno. Safari hii ICMP ilifika, tukapima upya na kupunguza kabla ya mchana. Sasa kwenye maelezo ya kila intafesi ya tuneli tunaandika ukubwa, laini iliyopimwa, na tarehe. Mkibadilisha laini bila kugusa maelezo hayo, tiketi nitaifungua mimi.