Namba ya raba unayoagiza bila kujaribu

"Navaa namba 8 ya Uingereza. Kuna raba Kampala nataka niletewe Jinja. Nitaje 8 tu?"

Ndugu, usitaje namba, taja sentimita. Kwa Adidas ya kiume, 8 ya Uingereza ni 42 ya Ulaya. Kwa Nike, hiyo 42 ni 7.5 ya Uingereza. Namba ileile ya Ulaya, namba mbili tofauti za Uingereza.

Jioni, miguu ikishavimba kidogo, simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta. Kalamu iwe wima, uweke alama kwenye kidole kirefu zaidi (changu ni cha pili, si gumba). Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu.

Tuseme umepata 26.4. Mwombe muuzaji picha ya kibandiko cha ndani ya ulimi wa raba. Kwa kampuni hizo mbili, CM au JP pale ni makadirio ya urefu wa mguu, si wa kiatu, hivyo anzia 26.5 au 265. Lakini muuzaji akipima soli ya ndani kwa rula, hicho ni kipimo cha kiatu: ongeza kama sentimita moja, iwe 27.4 hivi. Mimi nilichanganya hivyo viwili; raba sasa anavaa mdogo wangu.